Shilingi yako inalala dukani siku ngapi? Mzunguko wa stoki kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi pembezoni mwa mji wa Morogoro alinikabidhi madaftari yake matatu mwezi Januari, na swali moja. "Mwanangu, mwaka mzima nimeuza zaidi ya milioni mia mbili. Mbona leo nikitaka kuleta saruji lazima nikope?"

Madaftari yake yalikuwa safi kuliko ya maduka mengi ninayoyafanyia hesabu. Mauzo yaliandikwa kila siku, risiti za manunuzi zilibanwa pamoja, na duka lilihesabiwa kila tarehe 31 Desemba. Jibu la swali lake lilikuwa ndani ya madaftari hayo, ila halikuwa kwenye ukurasa wa mauzo. Namba za hapa chini nimezizungusha ili zihesabike kirahisi, lakini umbo la duka ni lilelile.

Alichokuwa anauliza mama huyu ni hiki: shilingi ninayonunulia bidhaa inakaa dukani siku ngapi kabla haijarudi mkononi? Wahasibu wana vipimo viwili vya jambo hilo. Cha kwanza ni mzunguko wa stoki, yaani mara ngapi kwa mwaka bidhaa zenye thamani ya duka zima zimeuzwa na kuletwa nyingine mahali pake. Cha pili ni siku za stoki, yaani bidhaa zilizopo zinatosha kuuzwa kwa siku ngapi. Ni kitu kimoja kilichotazamwa pande mbili, na vyote viwili vinaanzia kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa.

Gharama hiyo duka dogo halina haja ya kuiandika kila linapouza msumari. Unaipata mwisho wa mwaka kwa kutoa. Ulianza mwaka na bidhaa kadhaa, ukaongeza ulizonunua, ukabakiwa na kadhaa. Ambazo hazipo zimeuzwa.

```
Mali ya mwanzo, 1 Januari            38,000,000
+ Manunuzi ya mwaka                 176,000,000
+ Usafiri wa kuleta mzigo             6,000,000
- Mizigo iliyorudishwa                2,000,000
- Mali ya mwisho, 31 Desemba         46,000,000
= Gharama ya bidhaa zilizouzwa      172,000,000
```

Usafiri umeingia humo kwa sababu nondo iliyoko Dar es Salaam haimsaidii mteja wa Morogoro. Nauli ya lori ni sehemu ya bei ya kununulia. Kodi ya pango, mshahara wa kijana wa dukani na luku haviingii, maana hivyo vingelipwa hata kama lori lisingekuja. Na kama duka limesajiliwa kwa VAT na linarudishiwa kodi ya manunuzi, bei ya kununulia iandikwe bila kodi hiyo. Kama halijasajiliwa, kodi aliyolipa haimrudii, kwa hiyo ni gharama yake na ibaki ndani.

Kisha tunahitaji kujua kwa kawaida duka lilikuwa na bidhaa za kiasi gani. Kwa kuwa mama alihesabu mara mbili tu, mwanzo na mwisho, tunachukua katikati: 38,000,000 jumlisha 46,000,000, gawanya kwa mbili, ni 42,000,000. Sasa tunagawanya.

```
Mzunguko = 172,000,000 / 42,000,000 = mara 4.1
Siku     = 42,000,000 / 172,000,000 x 365 = siku 89
```

Hesabu ya siku unaweza kuipata pia kwa njia ambayo mimi huiona inaeleweka zaidi. Gharama ya 172,000,000 kwa siku 365 ni kama shilingi 471,000 kwa siku. Hicho ndicho kiasi cha bidhaa, kwa bei ya kununulia, kinachotoka mlangoni kila siku. Bidhaa za milioni 42 zikitoka kwa mwendo huo zitaisha baada ya siku 89.

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo nitasimama kidogo. Mama alikuwa ameshajaribu mwenyewe, akagawanya mauzo yake, 206,400,000, kwa stoki ya 42,000,000. Akapata mara 4.9, sawa na siku 74. Duka lake likaonekana lina kasi kuliko lilivyo, kwa siku 15 nzima. Mauzo yana faida ndani yake, ilhali stoki imeandikwa kwa bei ya kununulia. Ni kama kugawanya kilo kwa lita. Ubaya zaidi ni kwamba kipimo hicho kinapanda kila anapopandisha bei, hata kama hajauza mfuko mmoja wa ziada. Angeongeza bei kwa asilimia 10 na kuuza bidhaa zilezile, daftari lingemwambia mzunguko umepanda, wakati rafu zimekaa vilevile.

Wapo wanaofanya kinyume: wanahesabu stoki kwa bei ya kuuzia, kwa kuwa ndiyo iliyobandikwa kwenye bidhaa, halafu wanatumia gharama juu. Hao duka lao linaonekana zito kuliko lilivyo. Kanuni ni kwamba juu na chini viwe vya bei moja, na bei ya kununulia ndiyo salama kwa sababu ndiyo fedha iliyotoka mfukoni.

Basi, siku 89. Je, ni nyingi au chache? Nilipomwambia mama namba hiyo alikaa kimya, kisha akasema, "Lakini saruji haikai hata mwezi." Alikuwa sahihi kabisa. Siku 89 ni wastani wa vitu visivyofanana, na katika duka la vifaa vya ujenzi wastani huo karibu hauelezi bidhaa yoyote iliyomo. Tukarudi kwenye risiti, tukagawa duka mafungu manne, kila fungu na gharama yake na stoki yake ya wastani.

Saruji ilikuwa na gharama ya milioni 78 na stoki ya wastani ya milioni 3 tu. Mzunguko wake ni mara 26 kwa mwaka, siku 14. Nondo na mabati: gharama milioni 60, stoki milioni 12, mara 5, siku 73. Rangi: gharama milioni 16, stoki milioni 7, mara 2.3, siku 160. Halafu likaja fungu la vitu vidogo, yaani vitasa, bawaba, koki, viungio vya bomba, swichi na soketi. Gharama milioni 18, stoki milioni 20. Mzunguko haukufika hata mara moja kwa mwaka. Siku 406.

Jumlisha mafungu hayo na utarudi palepale: gharama 172, stoki 42. Lakini sasa swali la Januari lina jibu. Karibu nusu ya fedha zote za mama zilikuwa zimekaa kwenye masanduku ya vitasa na koki, ambayo kwa wastani hukaa zaidi ya mwaka kabla ya kuuzwa. Saruji, inayowaleta wateja dukani kila siku, ilikuwa na milioni 3. Aliuza zaidi ya milioni mia mbili, kweli, ila fedha ilipokuwa inarudi kutoka kwenye saruji alikuwa akipita kwa wauzaji wa jumla Kariakoo na kuchukua "boksi mbili tatu za vitasa", kwa sababu ni vya bei rahisi na havichukui nafasi kwenye lori.

Mtu asije akachukua namba hizi na kuamua kwamba vitasa vifukuzwe. Vitu vidogo vina faida kubwa kwa kila kimoja, na hilo lazima liwekwe kwenye mizani. Kwa mwaka ule saruji ilimpa faida ghafi, yaani mauzo toa gharama ya bidhaa zilizouzwa, ya milioni 6.2, nondo na mabati 10.8, rangi 5.6, na vitu vidogo 11.8. Ukitazama faida pekee, vitu vidogo ndivyo vinara. Gawanya sasa kila faida kwa fedha iliyolala kwenye fungu lake. Shilingi moja iliyokaa kwenye saruji ilizaa shilingi 2 na zaidi kidogo kwa mwaka, kwa sababu ilizunguka mara 26 ingawa kila safari ilileta faida ndogo. Shilingi iliyokaa kwenye nondo ilizaa senti 90, kwenye rangi senti 80, na kwenye vitu vidogo senti 59. Faida ya kila kimoja ni kubwa, lakini safari ni chache mno.

Hata hapo bado tulikuwa hatujafika chini. Fungu la vitu vidogo lenyewe ni wastani. Tulipolipitia boksi kwa boksi tukakuta bidhaa za kama milioni 6 ambazo hazikuuza hata kimoja mwaka mzima: vitasa vya muundo ambao mafundi hawautaki tena, koki za kipimo kisichotumika kwenye nyumba za mtaa ule. Ukitoa hizo, zilizobaki zina stoki ya milioni 14 na siku 284. Ni nyingi bado, lakini ni ugonjwa mwingine. Bidhaa iliyolala kabisa dawa yake ni kuuzwa kwa bei yoyote itakayoleta fedha, hata chini ya bei ya kununulia. Kanuni za uhasibu za kimataifa, katika kiwango cha IAS 2, zinataka stoki iandikwe kwa gharama yake au kwa kiasi itakachoingiza ikiuzwa, ipi iliyo ndogo. Kitasa kilichonunuliwa 12,000 ambacho leo hakuna atakayekinunua kwa zaidi ya 7,000 kisikae kwenye daftari kwa 12,000. Bidhaa inayouzwa polepole ni suala la kuagiza kidogo kidogo. Kama mama angefikisha vitu vidogo siku 200 badala ya 406, stoki yake ingekuwa karibu milioni 10, na milioni 10 nyingine zingerudi mkononi.

Lori lake la saruji ni mifuko 400, yaani tani 20, na kwa bei ya kununulia ya 15,000 ni milioni 6. Ndiyo fedha aliyokuwa anaikopa.

Saruji inafundisha jambo lingine kuhusu kipimo hiki. Kwa mwaka aliuza mifuko 5,200, kama 14 kwa siku. Lori la 400 linaisha baada ya siku 28 hivi. Mbona basi hesabu inasema siku 14? Kwa sababu lori likifika kuna mifuko 400, likikaribia kuisha kuna sifuri, na katikati ni 200, yaani milioni 3. Siku 14 ni muda ambao mfuko wa kawaida unakaa. Ule wa mwisho kabisa unakaa siku 28. Tofauti hiyo haina madhara kwa saruji ya duka lenye mwendo, lakini duka lenye siku 60 za saruji lina mifuko mingine inayokaribia miezi minne, na saruji inavuta unyevu wa hewa na kupoteza nguvu. Mafundi wengi hawataki kugusa iliyozidi miezi mitatu. Kwa bidhaa inayoharibika, usitazame wastani pekee. Utafute mfuko wa chini kabisa.

Siku za stoki zina kazi nyingine inayopendeza: kuziweka kando ya siku za mkopo wa mali. Muuzaji wa nondo anampa mama siku 30 za kulipa. Nondo inakaa siku 73. Kwa hiyo siku 43 zinazobaki mama anazibeba kwa fedha yake. Nondo na mabati yanatoka kwa gharama ya kama 164,000 kwa siku, mara siku 43, ni takriban milioni 7 ambazo lazima awe nazo mwenyewe ili fungu hilo lisimame. Ukimwomba muuzaji siku 45 badala ya 30, kiasi hicho kinashuka hadi milioni 4.6. Ukiipunguza nondo yenyewe kutoka siku 73 hadi 58, unapata unafuu uleule bila kumwomba mtu yeyote. Na usisahau kitabu cha madeni: kama wateja nao wanakopa, siku zao zinaongezeka juu ya hizi, kwa kuwa bidhaa ikitoka kwa deni shilingi bado haijarudi.

Sasa nieleze mahali namba hizi zinapodanganya, kwa sababu nimeziona zikidanganya mara nyingi.

Kosa baya kuliko yote ni kuhesabu mali ya mwisho vibaya, maana kosa hilo linapiga sehemu mbili kwa mpigo. Chukua kwamba tarehe 31 Desemba mama angehesabu milioni 50 badala ya 46. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ingeshuka hadi 168, na stoki ya wastani ingepanda hadi 44. Mzunguko ungekuwa 3.8 na siku 96. Tena faida yake kwenye karatasi ingeongezeka kwa milioni 4 zisizokuwepo, na angezilipia kodi.

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kosa hilo lina mlango wake maalumu. Watu wengi wanajenga kidogo kidogo. Mteja analipia mifuko 50 ya saruji leo, anasema atakuja kuichukua fundi akipatikana. Mifuko ipo stoo, lakini si ya duka tena, imeshauzwa na fedha imeshaandikwa. Kijana anayehesabu anaona mifuko, anaihesabu. Njia rahisi ya kugundua ni kulinganisha daftari la mali iliyolipiwa na hesabu ya stoo siku hiyohiyo, na kuiweka mizigo ya watu upande wake, yenye alama. Vivyo hivyo mali kauli ambayo mwenyewe bado ni muuzaji wa jumla, unayemlipa ukishauza tu: isihesabiwe kama yako hadi utakapoiuza. Mzigo ambao risiti yake imeandikwa Desemba lakini lori likafika Januari, ama uhesabiwe kwenye mali ya mwisho, ama risiti yake ihamie mwaka unaofuata. Mzigo huo ukiingia kwenye manunuzi na usiingie kwenye hesabu ya stoo, daftari litasema umeuzwa.

Na hapo kuna udhaifu wa njia yenyewe ya kutoa. Inachukulia kila kisichokuwepo kuwa kimeuzwa. Mifuko 40 ambayo mama alijengea uzio wa nyumba yake, rangi iliyomwagika, nondo iliyoibwa, vyote vinaingia kwenye gharama na kufanya mzunguko uonekane mzuri zaidi. Alichochukua mwenyewe kiandikwe na kiondolewe kwenye manunuzi. Wizi hauandikwi na mwizi, kwa hiyo dalili yake ni faida ghafi. Mama anajua kwamba nondo anaiuza kwa kuongeza kama asilimia 18 juu ya bei ya kununulia. Hesabu ya mwaka ikionyesha asilimia 11, na bei hazikubadilika, mahali fulani nondo zinatoka bila kuuzwa.

Udhaifu mwingine ni ile hesabu ya katikati. Mwanzo na mwisho wa mwaka ni siku mbili kati ya 365. Duka hili linajaza stoki kuanzia Juni, masika yakiisha na watu wakianza kujenga, na kufikia Desemba limeshapungua. Siku zote mbili za kuhesabu ziko wakati rafu ni nyepesi. Kama wastani wa kweli wa mwaka ulikuwa milioni 52, mzunguko ni 3.3 na siku ni 110, si 89. Ndiyo sababu nilimwomba mama ahesabu saruji, nondo na mabati kila mwisho wa mwezi, kazi ya saa moja na nusu kwa vijana wawili, na vitu vidogo kila baada ya miezi mitatu, boksi chache kwa zamu.

Wastani wa mwaka, hata ukiwa sahihi, unaeleza yaliyopita. Kwa kuagiza mzigo unahitaji siku za stoki ya leo: mali iliyopo sasa, gawanya kwa mwendo wa wiki nne zilizopita. Lori la saruji linachukua siku 6 tangu mama apige simu. Kwa mifuko 14 kwa siku hizo ni mifuko 84, na akiweka akiba ya siku 3 kwa lori kuharibika njiani, anapaswa kupiga simu mifuko ikifika kama 126. Julai, anapouza 22 kwa siku, 126 haitoshi hata siku 6. Wakati huo simu inapigwa kwenye 198. Mwaka jana alikuwa anapiga simu "ikionekana imepungua", na Julai na Agosti alikaa siku kadhaa bila saruji huku mafundi wakivuka barabara kwenda duka la pili. Siku hizo chache za stoki zilimgharimu kama vile zile 406.

Tulipomaliza alichukua kipande cha boksi, akaandika 126 kwa kalamu nene, na chini yake "Juni–Oktoba 198", akakibandika kwenye ukuta wa stoo usawa wa macho ya kijana anayepakua. Kisha akaanza kushusha yale maboksi ya vitasa, moja moja, kuyapanga nje mlangoni na bei mpya.